Simu ya Bibi Mwasiti Imejaa

Bibi yangu Mwasiti hugombana na simu yake kila asubuhi, na mwenye kuanza ni simu. Akishaswali alfajiri na kuketi barazani na kikombe chake cha chai ya tangawizi, maneno yanamtokea juu ya kioo: nafasi ya kuhifadhi imekaribia kuisha. Bibi huyasoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha huyajibu. "Imekaribia tangu Ramadhani. Iishe basi tujue moja."

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kipo hapa hapa Kalangalala, mtaa wa pili kutoka kwake, na watu wa Geita nzima wananiletea simu zilizotumbukia chooni, zilizokanyagwa na pikipiki, na moja iliyopikwa pamoja na maharage. Zote nimezikabili. Lakini simu ya Bibi, ambayo haijaanguka hata mara moja na ina jalada la ngozi kama msahafu, ndiyo iliyotaka kunitoa roho. Na msinihurumie, kwa sababu mimi ndiye niliyemuuzia.

Kwanza mumjue mwenyewe. Kabla miguu haijamkataa, Bibi alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, sherehe ya mtoto kutoka jando, yeye ndiye aliyesimama mbele ya moto na upawa mrefu kama kasia, akiwaamuru wanawake kumi na wawili. Mpishi wa namna hiyo huishi kwa vyombo vya watu: leo anaazima beseni, kesho anaazimwa chungio. Na Bibi alikuwa na sharti lake. Chombo cha mtu hakirudishi kitupu. Hata akikosa kitu kabisa, ataweka ndimu mbili ndani ya sahani yako ndipo airudishe. Sharti hilo halikuwa na ubaya wowote mpaka Bibi alipojiunga Wasapu.

Maana kwake yeye kila video inayoingia ni sahani iliyoletwa mlangoni. Mama Ritha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, anamtumia video ya mbuzi anayepanda ngazi. Bibi anaitazama mpaka mwisho, anamwombea dua Mama Ritha, kisha anamrudishia video ya mtoto wa Kihindi anayecheza ngoma. Limi, rafiki yake Msukuma anayeuza karanga kule Segese, anamtumia sauti ya dakika nne akieleza jinsi majani ya mpera yanavyotibu mgongo. Bibi anamrudishia sauti ya dakika tano akisema ameipokea. Yupo kwenye makundi kumi na saba. Huko kote hajawahi kula bila kurudisha sahani.

Siku alipokuja kibandani na maswali yake alikuwa ameyaandikisha kwa mtoto wa Mama Ritha kwenye daftari. Alikaa juu ya ndoo ya rangi ninayowawekea wateja, akavaa miwani, akaniita kwa jina la utani ambalo bibi wa kwetu humwita mjukuu wa kike. "Haya mke mwenzangu, mimi nauliza, wewe jibu. Usinizungushe."

Swali la kwanza: simu ikizimwa mchana kutwa ikapumzika, itapungua? Nikamwambia haitapungua. Simu ikilala, vilivyomo ndani havilali nje.

La pili: akijitoa kwenye kundi la Wapenda Mapishi, video zao zitamfuata nje? Nikamwambia zitabaki simuni mwake vile vile mpaka azifute. Kujitoa kunazuia mpya kuingia, hakuzitoi za zamani. Akasema kumbe kundi ni kama ndoa, na mimi nikajifanya sikusikia.

La tatu: kati ya video na sauti, nani mlafi? Hapo nilifurahi, maana ni swali la mtu anayefikiri. Nikamweleza kwamba sauti ya dakika moja ni punje. Video moja ya kawaida inaweza kula nafasi ya sauti kama hizo mia moja. Limi na mgongo wake hana hatia. Mwenye hatia ni mbuzi wa ngazini.

La nne lilimfanya ashushe miwani. Alikuwa amefuta vitu vyake mwenyewe, siyo vya watu, picha alizojipiga unyayo kwa bahati mbaya, na video moja ndefu aliyoirekodi bila kujua simu ikiwa ndani ya mkoba wake safarini kwenda Masumbwe. Mbona simu bado imejaa? Nikafungua, nikaona. Alifuta kwenye picha, lakini ukifuta pale vitu vinakwenda kwanza kwenye pipa la taka, na humo hukaa siku thelathini kabla ya kuondoka vyenyewe, vikiendelea kula nafasi. Nikamwambia pipa lazima limwagwe. Akasema tuliache kwanza, siku thelathini ni muda wa kutubu.

La tano ndilo lililokuwa limemleta. "Nikifuta video ya Mama Ritha, Mama Ritha atajua?"

"Hatajua, Bibi. Hakuna taarifa inayokwenda kwake."

"Kwa hiyo nitakuwa nimetupa sahani ya mtu uani kwangu, kisha kesho nakutana naye naitikia shikamoo yake kwa macho makavu."

Nikamwambia huo siyo utupaji. Akasema ni utupaji. Nikamwambia watu wote duniani wanafuta. Akasema ndiyo maana dunia iko hivi. Basi nikamfanyia lile nililoweza: nikazima ule mtindo wa simu kujipakulia video yenyewe, ili kila video ije ikiwa na ukungu na alama ya mshale, na isiingie mpaka mwenyewe aiguse. Niliona nimemaliza kazi. Kesho yake nikapita kwake, nikamkuta amekaa barazani anaigusa mishale yote, mmoja mmoja, kwa kidole cha shahada. Aliniambia kuna watu walikuwa wamesimama mlangoni kwenye ukungu, na yeye amewakaribisha ndani.

Siku mbili baadaye alipata suluhisho lake, na ni hapo nilipoanza kutamani ningeuza viatu badala ya simu. Aliamua kwamba hatafuta kitu cha mtu bila kumwomba ruhusa mwenye kitu.

Alianza na Mama Ritha. Alivaa baibui lake la kutokea, akazunguka ukuta, akabisha hodi, akakaribishwa, akanyweshwa uji, na baada ya kuulizana hali za watoto wote akasema amekuja na ombi zito. Mama Ritha alidhani kuna msiba. Bibi akamwambia anaomba ruhusa ya kumfuta mbuzi. Mama Ritha akauliza kwa unyonge kama kuna neno baya amemsemea Bibi. Bibi akasema hapana, wewe ni mtu wangu, ni simu tu. Wakaombana radhi pande zote mbili na kulia kidogo. Ruhusa ikatolewa. Na Mama Ritha, kwa kuona aibu kwamba mbuzi wake amemsumbua mzee, jioni ile akamtumia video nne nyingine za kumfariji.

Limi alipopigiwa alishtuka zaidi. Hakujibu kwa simu. Kesho yake alipanda basi kutoka Segese na gunia dogo la karanga, akafika kibandani kwangu kwanza, akaniuliza kwa ile sauti yake ya Kisukuma inayopanda na kushuka kama Bibi anaumwa na watu wanamficha. "Mayu, mama wa watu, anaaga dunia? Niambie ukweli, mwanangu. Mtu haanzi kuomba ruhusa ya kufuta vitu vyake bure bure." Nikamwambia haagi, simu imejaa. Hakuniamini. Alikwenda akakaa na Bibi siku nzima akimchunguza macho na ulimi, akarudi Segese, na kwa muda wa juma zima alimtumia sauti tatu kwa siku kuhakikisha bado anapumua.

Habari zikaenea. Ndani ya siku kumi watu kama arobaini walikuwa wameombwa ruhusa, na karibu wote walitoa ruhusa na kuongeza zawadi juu. Simu ya Bibi, ambayo ilikuwa imebakiza nafasi ndogo, sasa haikuwa na nafasi ya kuweka hata picha ya unyayo. Maneno ya onyo hayakuwa yakitoka tena juu ya kioo. Yalikaa pale pale kama kibao cha duka. Nilikasirika, na nilimwambia waziwazi kwamba amefanya kampeni ya mji mzima kuijaza simu. Alinipa karanga.

Siku hizo hizo alikuja Babu Muhidini, mume wa Bibi.

Babu hapendi kibanda changu. Anasema kinanuka risasi ya kuchomelea. Yeye alikuwa karani wa ghala la pamba Shinyanga enzi hizo, mtu wa kofia safi na kalamu mfukoni, na mpaka leo akiingia mahali popote huanza kwa kutazama kama vitu vimepangwa kwa safu. Simu yake ni kubwa, ina nafasi mara nne ya ile ya Bibi; baba yangu Hamza alimnunulia, na haijawahi kulalamika. Kwa hiyo nilishangaa. Alikaa kwenye ndoo ya rangi, akatazama kulia na kushoto, akasema ana maswali ya rafiki yake mmoja.

Huyo rafiki, alisema, alimtumia mtu sauti zamani kidogo. Je, anaweza kuirudisha?

Nikamuuliza zamani ya lini. Akasema kama miaka mitatu. Nikamwambia haiwezekani. Ujumbe uliotuma unaweza kuufuta kwa kila mtu, lakini kwa muda mfupi tu, kama siku mbili hivi. Ukipita hapo unaweza kuufuta kwako tu, kwa mwenzako unabaki.

Akafikiri. Na huyo rafiki akibadilisha namba? Unabaki. Akimzuia yule mtu? Unabaki. Akifa? Nikamwambia, "Babu, akifa ndiyo utabaki zaidi." Hakucheka. Alinyanyuka akasema atamfikishia rafiki yake, kisha mlangoni akageuka na kuuliza swali moja kana kwamba amelikumbuka wakati huo. Simu ya mtu ikijaa kabisa kabisa, kitu kilichoingia zamani ndicho kinachotoka kwanza, siyo?

Nilikuwa na kioo cha simu ya mteja mkononi, na gundi ilikuwa inakauka. Nikamjibu mm, mm, yaani namsikia. Yeye akachukua kwamba ni ndiyo, akaenda zake akiwa na uso wa mtu aliyepata mvua shambani. Kosa hilo ni langu na nimelikubali.

Alhamisi asubuhi nilimwona Bibi anakuja mbio. Sikuwa nimemwona akikimbia tangu nizaliwe. Babu alikuwa nyuma yake, naye anakimbia lakini kwa namna ya mtu asiyetaka kufika. Bibi alinitupia simu mapajani. Wasapu ilikuwa imekataa kufunguka. Kila akiigusa inamwambia hakuna nafasi, atoe vitu kwanza ndipo imruhusu kuingia.

"Kuna kitu changu mle," alisema. "Zuhra, kuna kitu changu mle ndani, kikipotea mimi nimekwisha."

Aliponiita kwa jina langu na siyo mke mwenza, nikajua haya siyo mambo ya mbuzi. Nikamfukuza mteja aliyekuwa akisubiri chaji, nikamkalisha Bibi, nikamwambia anieleze. Akamtazama Babu. Babu alikuwa anasoma kwa makini sana tangazo la vocha ukutani.

Ndipo nikasikia habari ya sufuria, ambayo nusu yake niliijua kama kila mtu wa ukoo wetu anavyoijua. Bibi alikuwa na sufuria kubwa, la kupikia pilau ya watu mia mbili, alilolinunua kwa jasho lake, akilipa kidogo kidogo. Miaka ya tisini, walipohamia Geita kufuata dhahabu, sufuria hilo likapotea siku ya pili ya Idi. Babu ndiye aliyeongoza msako. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akapita nyumba kwa nyumba, akaingia hata kwenye zizi la watu. Sufuria halikuonekana. Bibi akamshuku Suzana, jirani aliyekuwa ameliazima juma lililopita, na akamwambia hadharani, mbele ya wanawake wenzake wa jikoni. Suzana hakujitetea sana. Alihama na watoto wake kwenda Masumbwe. Bibi hakupata tena shughuli za watu mia mbili.

Nusu ya pili sikuijua. Miaka mitatu iliyopita Babu alilazwa Mwanza kwa upasuaji wa ngiri. Asubuhi ya kuingizwa chumba cha upasuaji, akiamini kabisa kwamba hatoki, alimtumia Bibi sauti ya dakika moja na sekunde kumi na moja. Alisema sufuria alilichukua yeye. Aliliuza kwa mama ntilie mmoja wa machimboni na kuingiza pesa kwenye duara, shimo la dhahabu, na duara lile halikutoa kitu zaidi ya maji. Alisema, "Mama Hamza, nisamehe, na Suzana anisamehe." Kisha alipasuliwa, akapona, akarudi nyumbani mzima, na Bibi alipomuuliza akasema ilikuwa dawa ya usingizi ikizungumza.

"Dawa walimchoma saa nne," Bibi alisema. "Sauti iliingia saa mbili. Nimeitazama saa yake mara elfu."

Bibi alikwenda Masumbwe peke yake kumwomba radhi Suzana. Suzana alimsamehe kwa mdomo, lakini aliuliza jambo moja: kama siyo mimi, ni nani basi? Bibi alishindwa kumtaja mumewe wakati mumewe mwenyewe anakana. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala huisikiliza sauti ile peke yake chumbani, ili ajue hajarukwa na akili. Hakuwahi kutaka ihamishiwe kwenye simu nyingine, wala mtu mwingine aisikie. Ilikuwepo mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo palikuwa pamefungwa.

Sikumtazama Babu. Nilikuwa na hasira naye mpaka masikio yananiwaka, na fundi mwenye hasira huunguza vitu. Nikaanza kazi. Kwanza nikapitia nje, bila kuigusa Wasapu, maana mtu akikosea hapo akaifuta Wasapu yenyewe ili aiweke upya, na akiba ya mazungumzo haikuhifadhiwa popote, anapoteza kila kitu. Yake haikuwa imehifadhiwa. Simu iliyojaa haina pa kuandikia hiyo akiba. Nikafungua mafaili, nikalimwaga pipa la taka. Nyayo zote zikaondoka, na ile video ya ndani ya mkoba, dakika arobaini na tano za giza na kelele za funguo, peke yake ikarudisha nafasi ya kutosha kuvuta pumzi. Nikaigusa Wasapu. Ikafunguka. Bibi akasema alhamdulillah mara tatu.

Sauti ilikuwepo. Nikaiwekea alama ya nyota ili tusije tukaipoteza katika kusafisha. Kisha nikaingia kwenye mipangilio, pale panapoonyesha nafasi inavyotumika, na ambapo mazungumzo yote hupangwa kuanzia yenye mzigo mkubwa. Nilitegemea kumwona Mama Ritha juu kabisa. Mama Ritha alikuwa wa nne. Wapenda Mapishi walikuwa wa pili. Wa kwanza, GB kumi na moja katika simu yenye thelathini na mbili, alikuwa Baba Hamza.

Nikalifungua jina lake nikapandisha kidole, nikapandisha, nikapandisha. Maua ya waridi yanayofunguka. Habari za asubuhi zenye njiwa. Maporomoko ya maji, paka, mawaidha, maua tena. Nne kwa siku, siku nyingine kumi, kwa miaka mitatu kasoro, zote kutoka kwa mtu anayelala kitanda kimoja naye.

"Babu," nikasema, "hizi ni za nini?"

Babu alivua kofia. Kwanza alisema ni mapenzi. Bibi akaitikia kwa kichwa, kwa kweli ndivyo alivyokuwa akiamini siku zote. Alinieleza kwa aibu kidogo kwamba tangu mzee arudi hospitali amebadilika, hakuna asubuhi asiyomtumia ua, na yeye hajawahi kulala bila kumrudishia. Nikamtazama Babu usoni, nikakumbuka swali lake la mlangoni, na gundi, na mm yangu.

"Ulitaka ijae," nikasema.

Babu alianza kueleza taratibu, kwa lugha ya ghala. Alisema pamba ina kanuni yake: marobota yaliyotangulia kuingia ndiyo hutoka kwanza, na ghala likijaa unasukuma ya zamani nje ili mapya yaingie. Alihesabu kwamba akiijaza simu, ile sauti ya dakika moja itafika mlangoni siku moja na kusukumwa nje, na hatakuwa ameifuta yeye wala mtu mwingine. Alikuwa akisubiri. Kila onyo likitokea kwenye kioo cha Bibi, yeye alifurahi kimoyomoyo.

Nikamwambia simu haina kanuni hiyo. Simu ikijaa inawakataa wanaokuja, haiwagusi waliotangulia. Sauti yake ilikuwa salama tangu siku ya kwanza mpaka leo, na aliyembania nafasi kwa miaka mitatu ni Limi na majani ya mpera. Nilimwambia na mengine ambayo mjukuu hapaswi kumwambia babu yake, na sijutii.

Bibi alikuwa amekishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili. Mwishowe aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Hata ya leo asubuhi? Lile ua la njano, nalo lilikuwa la kujazia?"

"La leo sijui," Babu alisema. "Mwanzoni yote yalikuwa ya kujazia. Sasa hivi sijui. Usiponirudishia mapema naona siku haijaanza."

"Ulinifanya nimwite Suzana mwizi."

"Nilikufanya."

"Sema lote, Baba Hamza. Hapa huna dawa mwilini."

Akasema lote. Alisema akiwa amesimama na kofia mkononi, mbele yangu na mbele ya yule mteja wa chaji aliyekuwa amerudi kimya kimya na kusimama mlangoni. Alisema sufuria, duara, mama ntilie, balozi, msako, zizi la watu. Ilimchukua zaidi ya dakika moja na sekunde kumi na moja. Alipofika kwa Suzana akakaa chini kwenye sakafu yangu yenye vipande vya waya, yeye na suruali yake iliyopigwa pasi. Mimi nililia. Yule mteja naye alijifuta machozi.

Bibi alinyanyuka akajitanda. Alisema hilo alilosema hapa akaliseme Masumbwe, na kwamba hatamsemea hata neno moja.

Walikwenda Jumamosi. Siku mbili kabla, mimi nilishughulika na kazi niliyoachiwa, kwa maana Bibi alikuwa ameniruhusu kufuta njiwa wote na maporomoko yote bila kuomba ruhusa ya mtu, akaniambia niache ua la njano. Nikafuta mpaka kidole kikafa ganzi. Nafasi ilirudi nusu ya simu. Nikampelekea simu yake stendi kabla hawajapanda gari.

Saa tisa alasiri alinipigia. Nilisikia kuku na watoto wa watu, na mwanamke akicheka mbali kidogo. Nikamuuliza imekuwaje.

"Amesema," Bibi alijibu. "Kasema mbele ya Suzana na wanawe wote wawili. Suzana amempa kiti, lakini alimwacha amalize akiwa amesimama." Kisha akashusha sauti. "Zuhra, nataka kuifuta ile. Nielekeze."

Nikamwambia aiguse aishikilie, itokee alama ya pipa juu, aibonyeze, kisha achague futa kwangu. Nikamwonya kwamba haitarudi. Akasema ameelewa. Nikasikia kidole chake kikigonga kioo, polepole, kama mtu anayejaribu chungu kama kimepoa. Kabla hajamaliza akasita.

"Nikifuta kwangu, kwake nako inafutika?"

"Hapana, Bibi. Kwake inabaki, labda aifute mwenyewe."

Nilimsikia akimuuliza Babu, na Babu akijibu kwamba hajawahi kuigusa tangu siku ile, aliogopa itajipiga yenyewe mbele za watu. Bibi akarudi kwenye simu, kidole kikagonga kioo mara moja tena.

"Basi kwangu imeshatoka," alisema. "Sasa iwe yake."